Katoni 3,240, si 4,860

Simu iliingia Jumanne saa 4 asubuhi, na sauti nikaijua kabla ya jina. Ni mzee anayetunza ghala letu, mtu ambaye hapigi simu ovyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hizi glavu katoni elfu nne na mia nane umezihesabia ghala lipi?"

Nikacheka kidogo, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. "Mimi nimesimama hapa mbele yake," akasema. "Za kutoa hazifiki hata elfu tatu na nusu. Nyingine zote zina utepe mwekundu."

Utepe mwekundu kwetu ni mzigo uliozuiliwa kusubiri ukaguzi. Upo ghalani, unaweza kuushika, lakini hakuna ruhusa ya kuutoa. Shehena kadhaa zilikuwa zimefika na glavu zinazochanika, zikawekwa kando zote mpaka wakaguzi watoe majibu.

Ripoti yangu ilikuwa imeondoka siku moja kabla, Jumatatu saa 3 asubuhi, kwa watu kumi na mmoja. Ilisema glavu zinazoweza kutolewa ni katoni 4,860. Vituo tunavyovihudumia vinatumia kwa wastani katoni 180 kwa siku, siku zote saba za wiki, kwa hiyo nikaandika chini yake kwamba akiba inatosha siku 27. Mchana wa Jumatatu watu wa manunuzi walikaa na namba hiyo mkononi. Mzigo mpya huchukua siku 21 tangu oda kupokelewa. Wakaona nafasi ipo, wakaahirisha kuagiza hadi Ijumaa ili waunganishe na oda nyingine. Ukiwa na siku 27 mkononi, uamuzi huo hauna kasoro hata kidogo.

Nikafungua lahajedwali. Safu ya hali ya mzigo nilikuwa nimeichuja ionyeshe mistari ya "Tayari" pekee, na kwa macho kila kitu kilikuwa sawa: mistari yenye utepe mwekundu haikuonekana popote. Chini kabisa palikuwa na jumla yangu:

```
=SUM(D2:D61)
```

Nikateua zile seli zilizokuwa zinaonekana, nikatazama ukingo wa chini wa dirisha, pale Excel inapojumlisha yenyewe ulichokiteua. Paliandikwa Sum: 3,240. Seli ya jumla, sentimita mbili juu yake, iliandika 4,860. Namba mbili kwenye kioo kimoja, na moja wapo nilikuwa nimeituma kwa watu kumi na mmoja.

Kichujio huificha mistari machoni pako tu. Fomula ya SUM haijali umeficha nini. Inajumlisha kila kilichomo kati ya seli ya kwanza na ya mwisho. Ile mistari kumi na minne ya utepe mwekundu, katoni 1,620, ilikuwa imejificha ndani ya jumla yangu.

Sasa nieleze nilichokifanya katika dakika tano zilizofuata, maana ndizo ninazozionea haya kuliko kosa lenyewe. Kwanza nilitafuta namna ya kuirudisha barua. Baadhi ya programu za barua pepe zina kitufe cha kutengua utumaji, lakini Gmail, kwa mfano, hukupa sekunde 30 kwa wingi, na mimi nilikuwa nimechelewa kwa siku nzima. Njia nyingine ya kuita barua irudi haiwafikii walio nje ya ofisi yako, na watatu kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wa nje. Na hata ingewafikia wote, barua ungeweza kuiita, lakini uamuzi ulioshafanywa juu yake usingerudi nayo.

Halafu nikaandika hivi:

"Habari za leo wapendwa. Natumaini mu wazima. Kufuatia uhakiki zaidi wa takwimu, imebainika kuwa kulikuwa na tofauti ndogo katika baadhi ya namba za ripoti ya jana, iliyotokana na changamoto za kimfumo. Tafadhali pokeeni ripoti iliyoboreshwa kama kiambatisho. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Nikaipenda. Ilikuwa na adabu, ilikuwa na lugha ya kiofisi. Kabla ya kuituma nikaenda kwa mkuu wa kitengo chetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Mama, samahani. Ripoti ya jana ina kosa."

"Kosa gani? Nipe namba."

Nikamwambia. Hakugomba. Alinyosha mkono nimpe simu yangu, akasoma rasimu, akanirudishia.

"Haya. Tuseme mimi ndiye wa manunuzi, niko njiani, nasoma hii kwenye simu. Niagize leo au nisiagize?"

Nikaisoma tena kwa macho yake. Barua nzima haikuwa na namba hata moja. "Imebainika", kana kwamba kosa lilijibaini lenyewe. "Tofauti ndogo", wakati theluthi nzima ya namba niliyoituma haikuwepo. "Changamoto za kimfumo", ilhali mfumo ulifanya vilevile nilivyouamuru. Na "ripoti iliyoboreshwa", kama vile ya kwanza ilikuwa nzuri na hii nimeinakshi. Msomaji angepaswa kufungua kiambatisho, aweke ripoti mbili kando kwa kando na kutafuta tofauti mwenyewe. Nani ana muda huo? Wengi wangesoma "tofauti ndogo" na kuendelea na shughuli zao.

"Unajikosha," mama akasema. "Utajikosha baadaye. Kwanza wazuie wasiitumie hiyo namba, kisha kahesabu upya mpaka uwe na hakika, ndipo uandike."

Hilo la kuzuia kwanza sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimebanwa kati ya mawili: nikituma haraka naweza kukosea mara ya pili, nikichelewa kuhakiki wao wanaendelea kuitumia namba mbovu. Sahihisho linalohitaji sahihisho ni balaa. Baada ya hapo hata namba zako za kweli zitaulizwa cheti cha kuzaliwa. Njia ni kuigawa kazi. Saa 4:20 nikatuma mistari miwili: "Naomba namba ya glavu katika ripoti ya jana, katoni 4,860, isitumike kwa uamuzi wowote; ni kubwa kuliko uhalisia. Namba iliyohakikiwa nitaituma kabla ya saa 6 mchana." Basi. Sikutaja 3,240, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeiona sehemu moja tu, kwenye ukingo wa dirisha.

Kisha nikarudi kwenye lahajedwali. Fomula ya jumla nikaiandika upya hivi, ili isitegemee nini kimechujwa na nini hakikuchujwa:

```
=SUMIFS(D2:D61,C2:C61,"Tayari")
```

Ikatoa 3,240. Nikaweka ya pili kwa mzigo uliozuiliwa, ikatoa 1,620, na mbili hizo pamoja zikarudi kwenye 4,860 ile ya SUM. Kulinganisha huko si mapambo. SUMIFS nayo ina mtego wake: mtu akiandika "Tayari" akaacha nafasi moja mbele yake, mstari huo hauhesabiwi na hakuna onyo lolote. Makundi yasipofikia jumla kuu, ujue kuna mstari umeangukia pembeni. Mwishoni nikampigia mzee, tukapitia mstari kwa mstari, yeye akisoma vibao vya shehena na mimi nikisoma kioo. Kazi hiyo ilichukua kama dakika arobaini.

Namba ikawa imekamilika, lakini swali la mama, niagize au nisiagize, bado halikuwa na jibu. Nikachukua karatasi. Katoni 3,240 kwa 180 kwa siku ni siku 18, kuanzia Jumatatu. Mzigo ukiagizwa leo Jumanne utafika siku ya 22 ukihesabu kutoka Jumatatu ileile. Pengo ni siku 4, yaani katoni 720. Ukiagizwa Ijumaa, kama walivyokwisha kuamua, utafika siku ya 25. Pengo ni siku 7, katoni 1,260. Kila siku inayoahirishwa inaongeza siku moja ya vituo kukaa bila glavu.

Hapo shetani akaninong'oneza tena. Niliona kwamba hata wangeagiza Jumatatu ileile, mzigo ungefika siku ya 21, pengo la siku 3 lingekuwepo tu. Kwa hiyo, nikajiambia, kosa langu limegharimu siku moja pekee mpaka sasa. Ni kweli tupu. Nikatamani sana kuiandika. Lakini nilipoiweka kwenye rasimu, aya nzima ikageuka utetezi wa mwandishi, na msomaji wa manunuzi hakupata chochote cha kumsaidia kuamua. Nikaifuta. Aliyetaka kujua aliniuliza baadaye, nikamjibu.

Barua iliyoondoka saa 5:45 ni hii:

"Kichwa: SAHIHISHO: glavu za kutoa ni katoni 3,240, si 4,860

Katoni za glavu zilizokuwa tayari kutolewa Jumatatu asubuhi ni 3,240. Ripoti niliyoituma jana saa 3 asubuhi ilisema 4,860. Namba hiyo si sahihi.

Kwa wastani wa katoni 180 kwa siku, akiba inatosha siku 18 kuanzia jana, si 27. Mzigo mpya ukiagizwa leo utafika siku 4 baada ya akiba kuisha, upungufu wa katoni 720 hivi. Ukiagizwa Ijumaa, pengo litakuwa siku 7, katoni 1,260 hivi.

Naomba uamuzi wa kuahirisha oda uangaliwe upya leo. Msambazaji anapokea oda za siku hadi saa 10 jioni.

Nilijumlisha kimakosa katoni 1,620 zilizozuiliwa kusubiri ukaguzi. Nimehakiki mistari yote 60 pamoja na mtunza ghala. Katika ripoti vimebadilika vitu vitatu: jumla ya glavu, siku za akiba, na chati ya ukurasa wa 2. Namba za bidhaa nyingine nimezipitia na hazijabadilika. Ripoti sahihi imeambatishwa, jina la faili linaishia na v2. Ya jana naomba ifutwe.

Kosa ni langu, na ninaomba radhi."

Kichwa kilinichukua muda kuliko aya yoyote. Mwanzoni niliandika "Kuhusu ripoti ya jana ya akiba ya glavu: 4,860 isomeke 3,240". Kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, na nilipojitumia mwenyewe kujaribu, kioo kilionyesha mpaka kwenye 4,860 kisha vidoti. Yaani barua ya kuifuta namba mbovu ingekwenda kuikumbusha. Ndiyo maana namba sahihi inatangulia. Ile mbovu nayo lazima iwepo, tena kwa tarakimu zake kamili, kwa sababu mtu aliyekwisha kuinakili mahali ataitafuta kwa kuandika 4860 kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukimwambia tu "namba imebadilika" humpi cha kutafuta.

Neno "hivi" baada ya 720 na 1,260 pia niliwaza juu yake. Matumizi ya siku yakiwa 190 badala ya 180, akiba inaisha siku ya 17. Yakiwa 170, inafika 19. Ningeweza kuandika yote hayo. Lakini barua hiyo ilikuwa ya kusahihisha namba moja, na msomaji akikutana na namba sita atachagua inayomfaa. Nikaacha "hivi" ibebe mzigo huo, na wastani nikautaja wazi ili anayetaka kupiga hesabu yake apige.

Sentensi ya "hazijabadilika" ndiyo iliyokaribia kuniponza. Nilikuwa nimeiandika mapema, kwa mazoea tu, kabla ya kutazama. Nilipokwenda kutazama nikakuta ile chati ya ukurasa wa 2 inachota kutoka kwenye seli ileile, imesimama na mnara wake mrefu wa 4,860. Ningesema "vingine viko vilevile" na chati ikabaki, nani angeniamini tena kwa lolote?

Kuhusu wapokeaji: niliijibu barua yangu ya Jumatatu kwa wote, ili ile yenye kosa ibaki imenukuliwa chini ya sahihisho, nikabadilisha kichwa. Kumbe kujibu kwa wote hakuwafikii wote. Mtu mmoja nilikuwa nimemwekea nakala fiche, na nakala fiche haijitokezi unapojibu. Nilimkumbuka kwa bahati, nikamtumia peke yake. Nikaongeza mstari kwa kila mmoja wa wakuu wa idara: "Kama umeisambaza ripoti ya jana, naomba usambaze na hii kwa watu haohao." Na mtu wa manunuzi sikumwachia barua peke yake, nilimpigia. Alikuwa kweli yuko njiani.

"Dada, umeiona barua yangu?"

"Nimeona kichwa tu. Elfu tatu?"

"Elfu tatu mia mbili na arobaini. Siku kumi na nane."

Kimya kidogo, nadhani alikuwa anahesabu. "Kwa hiyo leo."

"Leo, kabla ya saa kumi."

Oda iliingia saa 9 alasiri.

Majibu ya barua yalikuwa machache kuliko nilivyoogopa. Wawili waliandika "Nimepokea". Mmoja aliuliza swali zuri: hizo 1,620 zikipita ukaguzi, si zinarudi na pengo linazibika? Ni kweli, 1,620 ni siku 9 kamili, zinaziba siku 4 na kubaki. Lakini wakaguzi hawakuwa wamesema siku ya majibu, na huwezi kuweka mzigo usio na tarehe kwenye hesabu ya mzigo wenye tarehe. Nilimjibu hivyo, kwa wote, nikaongeza kwamba zikitoka nitatuma namba mpya siku hiyohiyo. Zilitoka 540 baada ya wiki mbili, siku 3 za akiba. Nyingine zilirudishwa zilikotoka. Siku moja iliyobaki tuliiziba kwa kupunguza mgao wa vituo vikubwa kidogo kidogo, na mzee wa ghala ndiye aliyekaa na orodha hiyo. Kazi yake iliongezeka kwa sababu yangu, na nilikwenda kumwambia hivyo ana kwa ana.

"Mimi ningejuaje kama usingesema," akaniambia. "Ningedhani ni manunuzi wamelala."

Mwezi mmoja baadaye tulikaa kwenye kikao kikubwa, idara zote. Mtu wa mipango akawasha ukutani slaidi ya mwenendo wa akiba, chati nzuri ya rangi, na pale kwenye glavu mnara umesimama: 4,860. Alikuwa amepewa ripoti ya Jumatatu na mtu aliyepewa na mtu, na sahihisho halikupita njia hiyo. Mzee wa ghala, aliyekaa upande wa pili wa meza, alinitazama tu, hakusema kitu.

Nikanyosha mkono. "Samahani, namba ya glavu hapo ni 3,240. Hiyo ya ukutani ni kosa langu la mwezi uliopita. Akiba ilikuwa siku 18, si 27, kwa hiyo huo mteremko unaoonekana mwezi huu ni mdogo kuliko unavyochorwa."

Akanishukuru, akaandika pembeni ya daftari lake, slaidi ikapita.